Jikoni Juma Hili: Madonge Machache Hayaharibu Keki



Msichana aliyelelewa vyema katika nchi zetu hizi hufundishwa mapema kwamba madonge katika chakula ni aibu ya mpishi. Akikoroga uji, mama yake husimama nyuma yake akimwambia akoroge asichoke. Akisonga ugali, shangazi huubonyeza kwa kidole kutafuta unga mkavu uliojificha. Mafunzo hayo ni mazuri, na wala sikusudii kuyapinga. Lakini yako mapishi mawili ambayo bidii hiyo hiyo huyaharibu, na mpishi anapoona yameharibika huzidisha bidii, nayo yakazidi kuharibika. Mapishi hayo ni keki ndogo za vikombe ziitwazo mafini, na zile chapati nene na laini za kikaangoni ziitwazo pankeki.

Habari hii nimeiletewa mlangoni na mama mmoja, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura, ambaye huoka mafini na kuziuza. Alikuwa na mteja mmoja mkubwa, mwenye mkahawa, aliyechukua mafini 48 kila Jumamosi. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zikilipia karo ya watoto wake wawili. Siku hiyo alikuja na kikapu kilichofunikwa kitambaa, akakaa, akasema, “Dada, mteja wangu ameniambia wazi kwamba Jumamosi mbili zijazo zikiwa kama zilizopita, atatafuta mwokaji mwingine. Wateja wake wanaziacha nusu katika sahani. Wanasema wanatafuna mpira.”

Nilimuuliza amefanya nini kujaribu kuzirekebisha. Akanieleza kwamba kwanza aliulaumu unga, akabadili duka. Kisha akaongeza bekingi pauda, na mafini zikawa na ladha ya uchungu juu ya ugumu wake. Mwisho, kwa kudhani kwamba hakuchanganya vya kutosha, alinunua mashine ndogo ya umeme ya kupigia keki, akalipiga rojo lake mpaka likawa laini likang’aa kama hariri. “Na hapo ndipo zilipokuwa mbaya kuliko zote,” akasema.

Nikatoa mafini moja kikapuni, nikaishika kwa vidole viwili, nikaikata kwa kisu kuanzia juu mpaka chini. Nawaomba wasomaji nao wafanye hivyo kila wanapotaka kujua kosa la mafini, maana ndani ya keki ndimo mlimo na ushahidi. Kwa nje, mafini ile ilikuwa na kichwa kilichochongoka kama kilele cha mlima, na ngozi laini iliyonyooka. Kwa ndani mlikuwa na matundu marefu membamba kama mirija, yaliyotoka karibu na kitako cha keki yakapanda moja kwa moja kuelekea kileleni. Niliposukuma kidole, keki iliinama kisha ikarudi mahali pake kwa nguvu. Alama hizo tatu, yaani kilele kilichochongoka, matundu yapandayo na mrudio kama wa mpira, zikikutana pamoja husema jambo moja tu: rojo lilikorogwa mno.

Sasa tuulize ni kwa nini. Unga wa ngano haufanani na unga wa mahindi, wa mtama wala wa muhogo. Ndani yake mna protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zimetulia kimya maadamu unga ni mkavu. Maji au maziwa yakiufikia unga huo, protini hizo hunyonya maji na kuanza kushikana. Mwiko ukizunguka, huzikutanisha na kuzivuta, nazo zikasukana kama nyuzi za mkeka, zikawa wavu mmoja wenye kunyumbuka na kuvutika. Wavu huo ndio uitwao gluteni.

Anayetaka kuuona kwa macho yake na achukue unga wa ngano kiasi cha kiganja kimoja, aukande kwa maji kidogo kwa muda wa dakika kumi mpaka uwe donge gumu, kisha alioshe donge hilo polepole katika bakuli la maji baridi, huku akilibonyezabonyeza. Maji yatageuka meupe kama tui, kwa kuwa wanga unatoka. Mwishowe katika mkono wake kitabaki kitu cha rangi ya kijivu chenye kuvutika kama ubani uliotafunwa. Jacopo Bartolomeo Beccari, mtaalamu wa Bologna huko Italia, alieleza jaribio la namna hiyo mbele ya wenzake mwaka 1728. Mpaka leo halihitaji chombo kingine zaidi ya bakuli na mikono miwili.

Gluteni si adui. Anayeoka mkate wa hamira huitafuta kwa jasho, kwa kuwa wavu wenye nguvu ndio unaoishika hewa ya hamira kwa saa mbili au tatu bila kupasuka. Anayepika chapati za kusukuma naye huihitaji, ili donge livutike likawa jembamba bila kukatika. Na ndiyo maana wapishi hao wawili hukanda, kisha wakaliacha donge lipumzike ili wavu ulegee.

Lakini mafini na pankeki zimejengwa kwa njia nyingine. Hizo haziumuliwi kwa hamira, bali kwa bekingi pauda, ambayo huanza kutoa hewa mara tu inapolowa, na hutoa hewa zaidi inapokutana na moto. Kazi yote ya kuumuka humalizika katika dakika chache. Wavu mwepesi na dhaifu hupanda pamoja na hewa hiyo bila kuizuia, kisha keki hukauka ikiwa laini na yenye kumeguka. Wavu uliosukwa sana hukataa kupanda kwa usawa. Hewa hukusanyika, ikatafuta njia ya kupenya, ikajichimbia yale matundu marefu, nayo ikaisukuma katikati ya keki juu mpaka ikachongoka. Pankeki nayo hubaki bapa na nzito, ikavutika inapokatwa. Isitoshe, mwiko unaozunguka bila kukoma huitoa hewa nje kabla moto haujapata nafasi ya kuitumia. Kwa hiyo hasara ni mbili kwa kosa moja: wavu umekuwa mgumu, na hewa ya kuunyanyua imepungua.

Yule mama alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo kila mpishi mwema angeliuliza: “Na madonge je? Nikiacha kukoroga mapema, si mteja atakuta unga mbichi ndani ya keki?”

Jibu ni kwamba donge la uji na donge la rojo la mafini si kitu kimoja. Unga ukitiwa katika maji yanayochemka, wanga ulio nje ya donge huiva papo hapo ukawa ganda. Ganda hilo huyazuia maji yasifike ndani, na ndiyo maana donge la uji halitoweki hata likipikwa saa nzima. Rojo la mafini huchanganywa likiwa baridi. Donge lake halina ganda. Ni unga uliokusanyika tu, na maziwa huendelea kuupenya taratibu wakati rojo linapotulia, wakati linapojazwa katika vibati, na hata katika dakika za kwanza za oveni. Donge dogo hulowa lote kabla keki haijashikamana, likaiva pamoja na wenzake, na mlaji hatalijua.

Hata hivyo ruhusa hii ina mipaka yake. Donge lenye ukubwa wa punje ya kunde halina neno. Donge lenye ukubwa wa kidole gumba huenda likabaki na unga mkavu katikati, na hilo ni aibu ya kweli. Mistari myeupe ya unga usioguswa kabisa na maziwa nayo haifai, kwa sababu pale hapakuwa na kulowa kokote. Na liko donge moja ambalo halisamehewi hata likiwa dogo kama chembe ya mchele, nalo ni donge la bekingi pauda. Hilo huacha doa la rangi ya hudhurungi na uchungu mdomoni. Madonge ya namna hiyo huondolewa mapema, wakati vitu vyote vingali vikavu. Mpishi anayetaka kuonyesha bidii yake na aionyeshe hapo, kwa kuwa unga mkavu hata ukikorogwa mchana kutwa hausuki wavu wowote.

Basi, siku iliyofuata tuliingia jikoni kwangu pamoja, tukafanya jaribio ili aone kwa macho yake. Tulitumia vipimo hivi, ambavyo hutoa mafini 12: unga wa ngano wa kawaida gramu 250, yaani vikombe viwili, bekingi pauda vijiko viwili na nusu vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari gramu 75, yai moja, maziwa mililita 240, yaani kikombe kimoja, na mafuta ya kupikia mililita 60, yaani robo kikombe.

Kwanza tuliwasha oveni ifikie nyuzi 200 za sentigredi, na vibati tukavipaka mafuta. Jambo hili hutangulia kwa sababu rojo likisha changanywa halipendi kungojea. Kisha tukachekecha unga, bekingi pauda na chumvi pamoja katika bakuli kubwa, tukatia sukari, tukavikoroga vikavu hivyohivyo mpaka tukaridhika. Katika bakuli la pili tukalipiga yai kwa uma, tukatia maziwa na mafuta, tukapiga tena mpaka vikawa kitu kimoja. Huku nako bidii haidhuru, maana hamna unga. Baadaye tukafanya shimo katikati ya unga, tukamimina vitu vya majimaji vyote kwa mara moja.

Kutoka hapo ndipo kuhesabu kulipoanza. Nikamwambia achukue mwiko wa mti, aupitishe chini kabisa ya bakuli, ainue unga wa chini aulaze juu, huku akilizungusha bakuli kidogo kila mara. Hiyo ni kukunja, si kupiga. Alipofika mara ya 15, nilimwambia asimame. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aache kufagia nyumba katikati. Rojo lilikuwa zito, lenye sura ya kukwaruza, na madonge madogo yakionekana kote, lakini unga mkavu haukuonekana tena popote. Tukajaza vibati vinne.

Rojo lililobaki akaendelea kulikoroga mpaka mara 50. Madonge yalikuwa yamekwisha karibu yote. Tukajaza vibati vinne vingine. Sehemu ya mwisho akaikoroga kwa njia yake ya siku zote mpaka mara 120, likawa lile rojo la hariri alilolipenda. Hapo nilimwomba ainue mwiko tulitazame. Rojo la kwanza lilikuwa limeanguka kutoka mwikoni kwa mapande, pande moja baada ya jingine. Hili la tatu liliteremka kwa utepe mrefu, tena likivutana, mithili ya asali nzito. Utepe huo ndio gluteni ikijitangaza, na mpishi akiuona anaweza kujua habari ya keki yake hata kabla haijaingia motoni.

Tuliziweka zote 12 katika oveni kwa wakati mmoja. Baada ya dakika 20 tukazitoa, tukaziacha zipoe dakika kumi, kisha tukazikata moja moja kutoka juu mpaka chini.

Zile nne za kwanza zilikuwa na kichwa cha mviringo chenye vipele vipele, kama ua la kabichi ile iitwayo koliflawa. Ndani mlikuwa na vitundu vidogo vilivyotawanyika kwa usawa, na hatukuona donge hata moja, ingawa tulilitafuta kwa ncha ya kisu. Keki ilimeguka kwa vidole bila kuvutwa. Zile za mara 50 zilikuwa na kichwa laini zaidi kilichoanza kuinuka katikati, na tulipozikata tukaona tundu refu moja au mawili. Mtu asiyejua angezila bila ya kulalamika, ila zilikuwa zimeshaanza kutafunika. Zile za mara 120 zilikuwa ndugu wa tumbo moja na ile aliyoniletea kikapuni: kilele kilichochongoka, mirija mpaka juu, na mrudio wa mpira.

Mama yule alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Kumbe unga wa yule mwenye duka haukuwa na kosa lolote.”

Naam, lakini katika haki hiyo pia kuna neno la kuongeza. Unga wa ngano hauko wa aina moja. Unga ulioandaliwa kwa ajili ya mikate huwa na protini nyingi zaidi, na kwa hiyo hujenga wavu wenye nguvu kwa mizunguko michache zaidi. Unga wa keki na wa matumizi ya nyumbani huwa na protini kidogo. Aliponiambia kwamba katika kuhangaika kwake aliwahi kununua gunia la unga wa mwoka mikate kwa kudhani kuwa ni bora zaidi, nilielewa kwamba alikuwa ametia kuni katika moto uliokuwa ukimwunguza. Unga wa mikate ni bora, ila ubora wake ni wa kazi nyingine. Mwenye unga huo peke yake anaweza kuondoa robo yake na kutia unga laini wa mahindi au wa ulezi mahali pake. Nafaka hizo hazijengi gluteni, hivyo hulegeza wavu. Lakini akizidisha, keki itakosa mshikamano ikavunjika mkononi.

Yafaa pia kueleza kwa nini mafundi wa keki za sherehe hupiga rojo lao kwa mashine na keki zao zikabaki laini. Mtu aliyewahi kuwatazama huona kama nasema uongo. Tofauti iko katika mpangilio na vipimo. Keki ya sherehe ina siagi na sukari nyingi kuliko mafini. Mafuta huzipaka chembe za unga zisilowe kwa haraka, na sukari huyanyang’anya maji yale ambayo protini ingeyanywa. Vyote viwili huchelewesha kusukwa kwa wavu. Tena kupiga kwingi katika keki hiyo hufanyika mwanzoni, siagi na sukari na mayai vikiwa peke yao, unga haujaingia. Fundi mwema akisha tia unga naye hupunguza mwendo. Mafini zina mafuta kidogo na sukari kidogo, kwa hiyo hazina ngao hiyo.

Kosa moja dogo hufichika hata kwa mwenye kujua haya yote, nalo hutokea wakati wa kujaza vibati. Mpishi amekoroga mara 15 kwa uangalifu, kisha kila anapochota huchovya kijiko katikati ya bakuli, akakizungusha, akapunguza, akaongeza. Vibati 12 vikijazwa hivyo, rojo la mwisho limekorogwa mara nyingine 30. Chota kwa kijiko kikubwa kutoka ukingoni mwa bakuli, mara moja kwa kila kibati ikiwezekana, na ujaze theluthi mbili tu za kimo chake. Usirudi kulisawazisha rojo kwa kijiko, moto utalisawazisha.

Ndizi za kuponda, zabibu kavu au nazi iliyokunwa nazo ziwe na mahali pake. Ndizi iliyopondwa ni kitu cha majimaji, kwa hiyo iingie katika bakuli la yai na maziwa, na maziwa yapunguzwe kidogo. Zabibu na nazi kavu ziingie katika unga mkavu kabla ya kumiminiwa. Anayezikumbuka mwishoni, rojo likisha kuwa tayari, hulazimika kukoroga upya kwa ajili yake, na kukoroga huko ndiko kunakomgharimu.

Tuje sasa kwenye pankeki. Sheria ni ile ile, ila pana nafasi zaidi kidogo. Kwa unga gramu 200, tia bekingi pauda vijiko viwili na nusu vya chai, sukari kijiko kimoja kikubwa na chumvi kidogo, uvichekeche pamoja. Piga yai moja na maziwa mililita 300 na mafuta vijiko viwili vikubwa, umimine, ukunje kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, kisha uache. Rojo litakuwa na madonge madogo. Lifunike kwa sahani ulipumzishe dakika tano mpaka kumi, wakati kikaango kinapopata moto wa wastani. Katika muda huo maziwa huyapenya madonge, na wavu mdogo uliosukwa hulegea. Ukifunua utaona baadhi ya madonge yametoweka yenyewe, na vipovu vya hewa vimejitokeza juu. Hapo mkono humwasha mpishi, akataka kukoroga mara ya mwisho kwa usalama. Asikoroge. Vipovu vile ndivyo wepesi wa pankeki yake.

Mimina upawa mmoja, usubiri mpaka vipovu vya juu vipasuke viache vitundu vilivyo wazi, na kingo zianze kukauka, kisha geuza mara moja tu. Usiibonyeze kwa kijiko bapa. Kuibonyeza ni kuifukuza ile hewa uliyoitunza.

Lakini nawaonya wasomaji wasiipeleke sheria hii katika chapati za maji. Hizo huwa nyembamba kama kitambaa, hazitiwi bekingi pauda wala hazitakiwi kuumuka, na donge ndani yake huitoboa chapati au kuiacha na kinundu. Rojo lake lina maji mengi, nalo hupigwa mpaka liwe laini kabisa, kisha likaachwa kwa nusu saa au zaidi ili wavu ulegee. Hapo mafunzo ya shangazi yanabaki na heshima yake yote.

Na tofauti hiyo yampa njia ya kujiokoa yule ambaye amekwisha koroga mno. Wavu uliokwisha sukwa haufumuki kwa kukoroga kinyume, wala kwa kuongeza bekingi pauda, kama mama wa Buyenzi alivyojionea. Rojo likiteremka kwa utepe wa kuvutana, ni heri usilioke. Liongeze maziwa mpaka liwe jepesi, liache litulie nusu saa, ulipike kuwa chapati nyembamba kikaangoni. Watoto watazila kwa furaha, na unga haukupotea. Kisha anza upya mafini zako ukiwa umetulia.

Mkosaji wa upande wa pili naye yupo, ingawa ni nadra. Yeye akisikia habari hizi huogopa mwiko kiasi cha kuacha unga mkavu chini ya bakuli. Mafini zake huwa fupi, zenye madoa meupe na zinazovunjika ovyo. Dawa yake ni kuupitisha mwiko mpaka kitakoni mwa bakuli, maana huko ndiko unga hujificha. Hesabu ya 15 niliyoitaja si amri. Bakuli pana, mwiko mdogo au rojo la mafini 24 huweza kuhitaji zaidi. Jicho ndilo lihukumu: unga mkavu usionekane, madonge madogo yaonekane, na rojo lianguke kwa mapande.

Jumamosi iliyofuata mama yule alipeleka mafini zake 48 mkahawani. Alizichanganya kwa mafungu manne ya 12, kwa kuwa rojo la 48 kwa pamoja halikunjiki bila ya kusumbuliwa sana. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakulala vyema, kwani kupeleka kwa mteja keki ambazo rojo lake lilikuwa na madonge kulimfanya ajione kama mtu anayetoka nje bila kujitazama katika kioo. Mwenye mkahawa aliikata moja, akaila yote akiwa amesimama, akazihesabu zilizobaki, akalipa. Juma la pili alichukua idadi ile ile. Juma la tatu hakusema tena habari ya mwokaji mwingine.

Mashine yake ya umeme haikuuzwa. Huitumia kwa keki za harusi, kupiga siagi na sukari, kabla unga haujaguswa.

Juma lijalo, inshallah, tutatazama kwa nini maandazi hunyonya mafuta. Mpaka hapo, kwaherini.